Matriksi au listi ya majirani? Grafu ya maneno 60,000 imeniulia programu

#1 MpangaManeno
Wakuu, habari za muda huu.

Natengeneza mchezo wa maneno. Unapewa neno la kuanzia na neno la kumalizia, unabadilisha herufi moja tu kila hatua, na kila unachopata katikati lazima kiwe neno halali. Mfano: baba, bata, pata, paka. Kila neno nimelifanya nodi, na maneno mawili yakitofautiana kwa herufi moja nayaunganisha. Faili langu lina maneno 60,000, maana nimeingiza na vitenzi na viambishi vyake. Viungo nilivihesabu kwa kulinganisha kila neno na kila neno, ikakesha usiku mzima, vikatoka kama 200,000.

Sasa nataka kuihifadhi hiyo grafu ili nitafute njia fupi. Nikaanza hivi:

```python
n = len(maneno)
m = [[0] * n for _ in range(n)]
```

Kompyuta ina RAM ya gigabaiti 8. Inaganda, kipanya hakisogei, kisha inaandika `Killed` na kunirudisha nilikotoka. Rafiki yangu mmoja ananiambia nisiache matriksi kwa sababu kujua kama maneno mawili ni majirani ni hatua moja tu. Mwingine anasema listi, basi, hafafanui. Nani mkweli?

#2 Kipepeo_7
Nakaa hapa nasubiri wajuzi. Ila `Killed` nayo ni jibu, mkuu.

#3 MchoraChati
Kwa grafu ya vitu 60,000 usitumie matriksi wala listi, macho hayataona kitu. Chora nguzo ishirini za juu, zilizobaki ziweke pamoja uziite "mengineyo". Rangi zisizidi tano.

#4 Kipepeo_7
@MchoraChati hahaha, mkuu, hii siyo grafu ya nguzo. Ni ile ya vitone na nyuzi.

#5 MchoraChati
Ahaa. Basi endeleeni, nami nijifunze.

#6 Fundi Baiti
Tuanze na kilichoiua programu, ni hesabu ya kuzidisha tu. 60,000 mara 60,000 ni visanduku bilioni 3.6. Kwenye Python listi haibebi namba yenyewe, inabeba kielekezi cha baiti 8 kwenda kwenye namba. Kwa hiyo hiyo `m` yako inadai gigabaiti 28.8 kabla hujaweka kiungo hata kimoja. Una 8.

Sasa angalia ulichotaka kuweka humo. Viungo 200,000, kila kimoja kinaandikwa pande mbili, kwa hiyo visanduku 400,000 vyenye moja. Katika kila visanduku 9,000 kimoja tu ndicho kina habari, vilivyobaki vyote vinakuambia "hapana, hapana, hapana" na umevilipia bei ileile.

Kwenye listi unaandika majirani waliopo tu. Mstari wa paka utakuwa kitu kama hiki:

```
paka: kaka saka taka waka zaka pata pana papa pika
```

Ukiweka maneno yako yote hivyo kwa namba badala ya herufi, hata ukijumlisha uzito wa Python mwenyewe hutafika megabaiti 30.

#7 Jogoo la Kwanza
Fundi anatisha watu bure. Nimejaribu sasa hivi kwenye laptopu yangu yenye RAM ya 4, matriksi ya 60,000 kwa 60,000 imetengenezwa kabla sijapepesa jicho. Memori haikutikisika. Tatizo ni jinsi alivyoandika, hiyo `for` ya ndani ndiyo inayokula. Andika hivi:

```python
m = [[0] * n] * n
```

Matriksi haina mpinzani. Kuuliza kama A anapakana na B ni kuchungulia kisanduku kimoja. Kwenye listi unapekua.

#8 Bi Mdadisi
@Jogoo la Kwanza nimeifuata yako nikaweka kiungo kimoja tu, `m[0][5] = 1`. Kisha nikauliza `m[3][5]`, ikanijibu 1. Nikauliza `m[41000][5]`, ikanijibu 1. Sikuweka hivyo viungo mimi. Hapo inakuwaje?

#9 Jogoo la Kwanza
Labda umekosea kuandika, dada.

#10 Fundi Baiti
Hajakosea. Jogoo, andika `m[0] is m[1]` uone.

#11 Jogoo la Kwanza
Inasema `True`.

#12 Fundi Baiti
Ndiyo. Huna matriksi. Una mstari mmoja wenye visanduku 60,000, na vielekezi 60,000 vyote vinauelekea huohuo mmoja. Ndiyo maana imetoka haraka na memori haikutikisika: jumla ni chini ya megabaiti moja. Ukiandika kwenye mstari wa neno moja umeandika kwenye mistari yote. Ukiiacha hivyo mchezo utasema kila neno limepakana na kila lililowahi kuguswa, na njia zote zitakuwa za hatua moja. Ukiona grafu yako ghafla ina undugu wa ajabu hivyo, kagua hapo kwanza.

#13 Kipepeo_7
Jogoo kawika usiku wa manane.

#14 Jogoo la Kwanza
Sawa, hapo nimeteleza. Ila hoja ya kuchungulia kisanduku kimoja iko palepale, hakuna aliyeijibu.

#15 KobeMzee
Vijana mnazunguka sana. Sheria ni moja na ni ya siku nyingi: viungo vikizidi nusu ya vinavyowezekana, matriksi. Visipofika nusu, listi. Ya kwako haifiki hata robo ya asilimia, kwa hiyo listi. Mjadala umefungwa.

#16 Fundi Baiti
Mzee Kobe, shikamoo. Hiyo nusu ni kweli mahali pamoja tu, na watu huibeba kila mahali.

Chukua grafu yenye uzito kwenye viungo, tuseme umbali. Kisanduku cha matriksi kinabeba umbali, baiti 4. Kwenye listi kila jirani anahitaji namba yake na umbali wake, baiti 8. Jirani mmoja wa listi anagharimu visanduku viwili, kwa hiyo ndiyo, kwa upande wa memori mizani inakaa sawa kwenye nusu.

Lakini grafu ya huyu bwana haina uzito. Kisanduku kinahitaji ndiyo au hapana, yaani biti moja, wakati jirani kwenye listi bado ni namba ya biti 32. Hapo jirani mmoja anagharimu visanduku 32. Grafu ya nodi 1,000: matriksi ya biti ni kilobaiti 125 iwe imejaa au tupu. Listi inafikia kilobaiti hizohizo 125 kila nodi ikiwa na wastani wa majirani 31 hivi. Wakizidi hao, matriksi ni ndogo kuliko listi, na hiyo ni asilimia 3 tu ya msongamano. Siyo 50.

#17 KobeMzee
Marahaba. Enzi zetu uzito ulikuwepo kila mahali, ndiyo maana. Ila hata kwa biti zako, yake inabaki listi.

#18 Fundi Baiti
Yake ndiyo, inabaki. Bilioni 3.6 za biti ni megabaiti 450, inaingia kwenye mashine yake vizuri tu. Tatizo linahama kutoka memori kwenda muda. Nitarudi, niko kazini.

#19 nodi_pweke
Ngoja nilete yangu, maana mimi listi ndiyo iliniumiza.

Mahali nilipokuwa nafanya kazi tulikuwa na vituo 400 na umbali kati ya kila kituo na kila kituo. Nilikuwa nimekariri kwamba listi ndiyo ya wakubwa, matriksi ni ya darasani, kwa hiyo nikaweka listi. Kisha nikaandika Floyd–Warshall, ile ya mizunguko mitatu inayotafuta umbali mfupi wa kila jozi, ambayo ndani yake inauliza kila mara: kutoka i kwenda k ni ngapi, kutoka k kwenda j ni ngapi? Kila nikiuliza, programu inaanza kuitembeza listi ya i tangu mwanzo hadi imkute k. Nodi 400 ni mizunguko milioni 64, na kila swali linapekua kama majirani 200 kabla ya kumpata anayetakiwa. Inazidi bilioni 12 za kupekua. Tulikuwa tunaiwasha, tunaenda mkutanoni, tunarudi bado.

Mwenzangu akaja, hakugusa algoriti hata kidogo. Akabadilisha listi kuwa safu moja ndefu ya namba 160,000, i na j anaisoma kwa `d[i*n + j]`. Ikaisha chini ya sekunde moja. C++, mashine ileile. Sikusema kitu siku nzima.

#20 Jogoo la Kwanza
Asante! Mnaona sasa? Matriksi.

#21 Bi Mdadisi
Lakini @nodi_pweke grafu yako ilikuwa imejaa kabisa, kila mmoja kaunganishwa na kila mmoja. Ya mwenye uzi kila neno lina majirani sita au saba. Na kingine, Floyd ingekuwa ya maneno 60,000 ingechukua muda gani? Nimejaribu kuzidisha mara tatu, kikokotoo kinaniletea namba yenye tarakimu 15.

#22 nodi_pweke
Hiyo usiiguse. Kompyuta ikifanya bilioni moja kwa sekunde unasubiri siku mbili na nusu, na sidhani kwa Python ungeiona mwaka huu. Lakini yeye hataki umbali wa kila neno kwenda kila neno. Anataka njia moja, ya maneno mawili. Mimi nilihitaji zote.

#23 Sina Haraka
@nodi_pweke hata kwako sikubali kwamba dawa ilikuwa matriksi. Ungebaki na listi ukakimbiza Dijkstra, ile ya njia fupi kutoka nodi moja kwenda nyingine zote, mara 400, mara moja kwa kila kituo, na foleni ya kipaumbele, ile inayomtoa aliye karibu zaidi kwanza. Dijkstra haulizi "i na k ni ngapi?" Inasema "nipe majirani wote wa i" na listi inawatoa kwa mpangilio bila kupekua. Kosa lako lilikuwa kuichukua listi na kuiuliza swali la matriksi.

#24 nodi_pweke
Hapo mwisho umenena. Ila kwenye grafu iliyojaa kila mzunguko wa Dijkstra utagusa viungo 160,000, mara 400, ni milioni 64 zilezile za Floyd, na juu yake unalipa foleni. Hujaokoa kitu, umeongeza mzigo.

#25 Fundi Baiti
Nimerudi. Dijkstra ilipochapishwa mwaka 1959 haikuwa na hiyo foleni ya kupanga. Unaweka umbali kwenye safu, unaipitia yote kumtafuta aliye karibu zaidi, unamtoa, unarudia. Kwenye grafu iliyojaa hiyo ndiyo nzuri, maana hata hivyo unalazimika kuwaangalia wote kila unapomtoa mtu. Foleni ya kipaumbele inalipa pale viungo vinapokuwa haba.

#26 Sina Haraka
Kwenye karatasi, sawa. Lakini foleni huiingizii kila kiungo, unaiingizia pale tu umbali unapopungua, na mara nyingi haupungui. Nimepima zangu na tofauti haikuwa ile ya vitabuni.

#27 nodi_pweke
Zako zilikuwa na viungo vingapi?

#28 Sina Haraka
Nusu hivi ya vinavyowezekana. Siyo zote.

#29 nodi_pweke
Basi tunapima vitu viwili tofauti.

#30 MpangaManeno
Wakuu, asanteni, lakini mmenipeleka mbali. Mimi viungo vyangu havina umbali, kila hatua ni moja. Nilikuwa natumia BFS tu, ile inayopita majirani wote wa karibu kwanza, kisha wa mbali. Na bado sijaona hoja ya Jogoo ikijibiwa: mchezaji akiandika neno, programu inapaswa kujua papo hapo kama ni jirani wa neno lililopita. Hilo si swali la matriksi?

#31 Fundi Baiti
Yapo maswali mawili, yatenganishe.

La kwanza ni la BFS: "nipe majirani wote wa paka." Matriksi ukiiuliza hivyo inakupa mstari wa visanduku 60,000, upitie mmoja mmoja, uambulie majirani tisa. Unarudia kwa kila neno unalolitoa kwenye foleni. Grafu nzima ikitembelewa umesoma bilioni 3.6. Listi kwa kazi hiyohiyo inasoma 400,000, basi. Hapo hakuna mjadala, na kuibana matriksi kwenye biti kunapunguza maumivu lakini hakuyaondoi.

La pili ni la Jogoo: "hawa wawili wamepakana?" Kweli matriksi inajibu kwa kuchungulia mara moja. Listi inapekua, lakini inapekua wangapi? Jirani tisa. Ukiona hata tisa ni wengi, tumia seti badala ya listi kwa kila neno, swali linajibiwa moja kwa moja. Ujue tu kwamba seti ya Python ni nzito: tupu ni baiti 216, na ukitia kitu cha tano inaruka hadi 728. Kwa maneno 60,000 hata zote zikiruka ni kama megabaiti 44. Unazo.

#32 Bi Mdadisi
Samahani, labda ni swali la kijinga. Kwa nini aulize grafu kabisa? Mchezaji kaandika "pata" baada ya "paka". Si ulinganishe herufi nne, uone ni moja tu iliyobadilika, kisha uangalie kama "pata" limo kwenye orodha ya maneno? Kiungo chenyewe kimeandikwa ndani ya neno.

#33 Kipepeo_7
Kimya kimetanda.

#34 Fundi Baiti
Siyo la kijinga, na nimejiona mimi ndiye niliyekuwa nazunguka. Kwa grafu hii swali la pili halihitaji matriksi wala seti za majirani. Linahitaji seti moja tu ya maneno yote. Jogoo, hoja yako ilikuwa sahihi kwa grafu za urafiki au barabara, ambako huwezi kumwangalia mtu usoni ukajua anafahamiana na nani. Hapa unaweza.

#35 Jogoo la Kwanza
Nakubali kishingo upande. Ila nina wazo jingine na hili msilikatae haraka. Neno la herufi nne haliwezi kupakana na la herufi tano, sheria ya mchezo haiongezi herufi. Kwa hiyo hiyo grafu ni vipande vipande tangu mwanzo. Gawa faili kwa urefu. Tuseme ya herufi nne ni 3,000, matriksi yake ni visanduku milioni 9, na ukitumia `bytearray` ni megabaiti 9. Hapo matriksi inaingia bila taabu.

#36 KobeMzee
Kijana kafikiri.

#37 Fundi Baiti
Kafikiri kweli, na kugawa kwa urefu ningekushauri ukifanye hata ukibaki na listi. Kwa herufi nne matriksi itafanya kazi. Lakini vitenzi alivyoingiza vinaangukia urefu wa 7, 8, 9, na huko kila fungu ni kubwa. Fungu la 12,000 tu ni visanduku milioni 144. Na BFS bado itasoma mstari mzima kupata majirani saba. Inaingia, sikatai. Sioni faida yake.

#38 Jogoo la Kwanza
Faida ni kwamba msimbo wake ni mfupi na unasomeka. Siyo kila mtu anapimana na sekunde.

#39 Kipepeo_7
Na kufuta je? Neno likishatumika mchezaji haruhusiwi kulirudia. Listi si itakuwa taabu?

#40 nodi_pweke
Usifute. Weka seti ya yaliyotumika, ukikutana na neno limo humo unaliruka. Lakini kwa kufuta kwenyewe, hapa listi ndiyo rahisi: kumwondoa paka unaenda kwa wale majirani wake tisa, unamtoa kwenye kila mmoja. Kwenye matriksi utafuta mstari na safu wima, visanduku karibu 120,000. Matriksi ni rahisi kama unafuta kiungo kimoja kinachojulikana pande zote mbili.

#41 MpangaManeno
Nimeelewa, naenda na listi. Sasa nisaidieni la mwisho: kuijenga. Ule usiku mzima wa kulinganisha sitaki kuurudia kila nikiongeza maneno.

#42 Fundi Baiti
Ulilinganisha jozi bilioni 1.8, ndiyo maana ilikesha. Usilinganishe. Kwa kila neno, toa herufi moja weka pengo, na neno ulitie kwenye kapu la pengo hilo. `kundi` ni `defaultdict(list)`:

```python
for neno in maneno:
    for i in range(len(neno)):
        ufunguo = neno[:i] + "_" + neno[i+1:]
        kundi[ufunguo].append(neno)
```

Waliokutana kapu moja ni majirani. Kapu la `_aka` litakuwa na kaka, paka, saka, taka, waka, zaka. Kwa vitenzi utaona `_napenda` ina anapenda na unapenda. Pita kila kapu, unganisha waliomo. Neno la herufi saba linaingia makapu saba, kwa hiyo kazi yote ni makapu laki kadhaa, siyo mabilioni.

Ukimaliza jumlisha urefu wa listi zote. Lazima iwe namba shufwa, mara mbili ya viungo. Ikitoka witiri, kuna mahali umeandika upande mmoja ukasahau wa pili, na utajua kwa dalili hii: baba kwenda paka kuna njia, paka kwenda baba hakuna. Ikitoka shufwa usishangilie sana pia, maana makosa mawili nayo ni shufwa. Linganisha na zile 200,000 zako.

#43 Bi Mdadisi
Kwa hiyo makapu yenyewe si tayari ni grafu? Unaweza kwenda neno, kapu, neno, bila kuandika listi ya majirani popote.

#44 Fundi Baiti
Unaweza. Kapu linakuwa nodi ya katikati. Ukiwa na kapu lenye maneno 100 unaepuka kuandika viungo 4,950. Kwa makapu madogo kama ya huyu bwana sijui kama utaona tofauti, ila ningeanza hivyo.

#45 MpangaManeno
Wakuu nimerudi. Imejengeka kwa sekunde chache, jumla ya urefu ni shufwa, na viungo vimelingana na vile vya kwanza. Yapo na maneno kibao yasiyo na jirani hata mmoja.

#46 Kipepeo_7
@nodi_pweke wanakuita.

#47 MpangaManeno
Ila sasa kuna kituko. Nimeiambia itafute njia kutoka mama kwenda baba, imeniletea ya hatua 212. Zote ni halali, nimezikagua. Lakini 212?

#48 Bi Mdadisi
Mimi kwa kichwa: mama, kama, kaba, baba. Tatu.

#49 Jogoo la Kwanza
Ndiyo hasara ya listi hiyo! Nilisema mimi.

#50 nodi_pweke
Listi haina kosa, Jogoo. Njia zote ni halali, maana yake grafu ni nzima. @MpangaManeno tuoneshe unavyotoa neno kwenye foleni.

#51 MpangaManeno
```python
foleni = deque([anza])
while foleni:
    neno = foleni.pop()
```

#52 nodi_pweke
`pop()` inatoa wa mwisho kuingia. Hiyo siyo foleni, ni rundo la sahani. Programu inamshika jirani wa mwisho, inaenda naye mbali hadi igonge ukuta, ndipo irudi. Weka `popleft()`. Ungekuwa na matriksi ungepata uzururaji wa aina hiyohiyo, tena pengine ungekuwa bado unaisubiri.

#53 MpangaManeno
Hatua 3. Kama, kaba. Asante dada, asanteni wote.

#54 Sina Haraka
@nodi_pweke nimerudia kupima, safari hii grafu imejaa kabisa, nodi 2,000. Foleni ya kipaumbele imeshindwa na safu ya kawaida, lakini tofauti bado si ile ya vitabuni.

#55 nodi_pweke
Uzito ulizalisha kwa bahati nasibu?

#56 Sina Haraka
Ndiyo.

#57 nodi_pweke
Jaribu na uzito uliopangwa ili kila kiungo kipya kipunguze umbali, uone foleni inavyofurika. Ukimaliza fungua uzi wake, huu ni wa mama na baba.